Mkwaju wa ishirini: nahodha aliyepiga mara mbili kwenye robo fainali

Kisa hiki ni cha robo fainali ya kombe la mkoa, mashindano ya mtoano, ambayo mimi nilikuwa kamishna wa mchezo. Majina ya timu, mkoa na mwaka nimeyaacha, na timu zenyewe nitaziita Kijani na Bluu. Ninakiandika kwa ajili ya waamuzi na viongozi wa mashindano ya ngazi hizi, kwa sababu kosa lililotufikisha kwenye rufaa halikuanzia kwenye mkwaju wa mwisho ambao kila mtu aliuona. Lilianzia kwenye karatasi iliyokuwa mezani, mita mbili kutoka kiti changu.

Usuli

Kanuni za mashindano zilisema hivi: mechi ikiisha sare, timu zitacheza dakika 30 za nyongeza, vipindi viwili vya dakika 15, na sare ikiendelea zitapigiana matuta. Kanuni hiyo haina kasoro. Sheria ya 10 inayaachia mashindano yenyewe yachague njia ya kumpata mshindi, na njia zinazokubalika ni tatu: goli la ugenini, vipindi viwili sawa vya nyongeza visivyozidi dakika 15 kila kimoja, na mikwaju ya penalti. Mashindano yanaweza kuchanganya njia hizo au kuchukua moja tu. Wapenzi wa Simba wanakumbuka robo fainali za CAF dhidi ya Orlando Pirates mwaka 2022 na Wydad mwaka 2023, na wa Yanga wanaikumbuka ile ya Mamelodi Sundowns mwaka 2024. Zote zilitoka dakika 90 za mechi ya marudiano zikaenda moja kwa moja kwenye penalti, bila nyongeza. Waliolalamika siku zile kwamba "tumenyimwa dakika 30" walikuwa wanadai kitu ambacho kanuni za mashindano yale hazikukiweka.

Uwanja wetu haukuwa na taa. Mechi ilipangwa kuanza saa 10:00 jioni, lakini mgeni rasmi alichelewa na mpira ukaanza saa 10:25. Hesabu hiyo nilipaswa kuifanya palepale na sikuifanya. Ukiweka vipindi viwili, mapumziko na dakika za fidia, dakika 90 zingeisha kama saa 12:20. Ukiongeza nyongeza unakaribia saa 1:00 usiku, na siku ile jua lilizama kabla ya saa 12:40. Kwa maneno mengine, tulianza mechi ya mtoano tukijua, kama tungetaka kujua, kwamba ikiisha sare penalti zitapigwa gizani.

Yaliyotokea hadi filimbi ya dakika 120

Dakika 90 ziliisha 1-1. Dakika ya 78 beki wa Kijani alipewa kadi nyekundu kwa kumvuta mshambuliaji aliyekuwa anakwenda kuonana na kipa, kwa hiyo Kijani waliingia kwenye nyongeza wakiwa kumi.

Kabla ya nyongeza kuanza, nahodha wa Bluu alimwendea mwamuzi wa kati akaomba vipindi viwe vya dakika kumi kumi, kwa sababu ya mwanga. Mwamuzi alikataa, na alikuwa sahihi. Sheria inaruhusu vipindi vifupi kuliko dakika 15, lakini urefu wake unawekwa na kanuni za mashindano kabla ya mechi, na kanuni zetu zilisema 15. Manahodha na mwamuzi hawana mamlaka ya kupatana jambo hilo katikati ya uwanja. Shilingi ikarushwa upya kwa ajili ya nyongeza na timu zikacheza. Kati ya vipindi viwili zilipewa nafasi fupi ya kunywa maji, isiyozidi dakika moja kama sheria inavyotaka.

Nyongeza yenyewe haikuwa na la kusimulia isipokuwa dakika tatu za mwisho. Kocha wa Bluu aliingiza wachezaji wawili dakika ya 117, wote wapigaji wazuri wa penalti. Kocha wa Kijani alikuwa na wazo lilelile, ila alichelewa. Mchezaji wake alisimama kando ya mstari akiwa amevaa tayari, kibao kimeinuliwa, lakini mpira haukutoka nje hadi filimbi ya mwisho. Kocha akaja mezani akidai mabadiliko yamekubaliwa kwa sababu kibao kilionyeshwa. Nilimjibu kwamba mabadiliko yanakamilika mchezaji anapoingia uwanjani, na wake hakuingia. Mwenye haki ya kupiga ni yule aliyekuwa uwanjani filimbi ilipolia, au aliyetoka kwa muda tu, kwa mfano kwa matibabu au kurekebisha kiatu. Mpigaji wao bora aliangalia penalti zote akiwa benchi.

Maandalizi ya mikwaju

Kwa kawaida shilingi inarushwa mara mbili. Ya kwanza inachagua goli litakalotumika, ya pili inachagua nani aanze. Mwamuzi anaweza kuliteua goli mwenyewe pale hali ya uwanja au usalama unapomlazimu, na siku ile alifanya hivyo. Goli la upande wa barabara lilikuwa na taa ya ukuta wa jirani, na magari mawili yalisogezwa nyuma ya duara la kati yakawasha taa kuelekea golini. Makipa walilalamika kwamba taa zinawapiga machoni. Zilikuwa zinawapiga wote wawili sawasawa, na hilo ndilo lililotufanya tuendelee.

Kijani walishinda shilingi ya pili na wakachagua kuanza. Wachezaji wengi huchagua hivyo kwa imani kwamba anayeanza humwachia mwenzake mzigo wa kufukuzia. IFAB waliwahi kuijaribu njia nyingine ya zamu, ile ya A-B-B-A, na Chelsea na Arsenal waliitumia kwenye Ngao ya Jamii ya mwaka 2017, lakini mwaka 2018 iliachwa kwa sababu ilichanganya watu kuliko ilivyosaidia. Tumebaki na zamu ya kawaida: mmoja wa huku, mmoja wa kule.

Kisha likaja suala la idadi. Kijani walikuwa kumi na Bluu kumi na moja. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016, idadi ya wapigaji inatakiwa kuwa sawa kabla ya mikwaju kuanza na pia wakati inaendelea. Yenye wengi inapunguza, na nahodha anamtajia mwamuzi jina na namba ya aliyeondolewa. Bila hivyo, timu iliyopewa kadi nyekundu ingefaidika, kwa sababu mpigaji wake bora angerudi kwa awamu ya pili wakati wenzao bado wanamtafuta mtu wa kumi na moja ambaye hajawahi kupiga penalti maishani. Bluu walimwondoa beki namba 5.

Namba 5 hakuondoka. Alibaki kwenye duara la kati akiwa amewakumbatia wenzake mabegani, na katika mwanga ule hakuna aliyemwona hadi mkwaju wa kwanza ulipopigwa. Hapo mwamuzi msaidizi wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa kulisimamia duara, akamtoa kwa mabishano makali. Jambo dogo, lakini lilimtoa msaidizi yule kwenye kazi yake kwa dakika mbili za mwanzo, na dakika hizo tutazirudia.

Mikwaju ishirini

Sitaielezea yote. Baada ya mitano kila upande ilikuwa 4-4. Nahodha wa Bluu, jezi namba 10, alikuwa mpigaji wa kwanza wa timu yake na alifunga. Baada ya hapo ni mmoja mmoja: wa sita walifunga wote, wa saba wakakosa wote, wa nane na wa tisa wakafunga wote. Ilikuwa 7-7.

Mkwaju wa kumi wa Kijani ulipigwa na kipa wao, ukapaa juu ya mwamba. Kwa upande wa Bluu walikuwa wamepiga wachezaji tisa kati ya kumi. Aliyebaki alikuwa kipa. Nilimwona akiwa amesimama pale pa kipa ambaye timu yake inapiga, kwenye mstari wa goli unapokutana na mstari wa eneo la hatari, akitikisa kichwa kuelekea duara la kati. Kutoka duarani, namba 10 akaja akitembea. Akauweka mpira, mwamuzi akapuliza, akafunga. Bluu 8, Kijani 7. Mashabiki wakaingia uwanjani.

Kocha wa Kijani alifika mezani kabla sijasimama. "Huyu ameshapiga! Huyu ndiye alianza!" Mwamuzi wa kati akamtazama mwamuzi wa akiba, naye akaitazama karatasi yake.

Karatasi ilikuwa na safu mbili. Kwa mikwaju mitano ya kwanza ya kila timu kulikuwa na alama ya vema au ya kukosa, basi. Kuanzia mkwaju wa sita, kando ya kila alama kulikuwa na namba ya jezi. Namba 10 haikuonekana popote.

Maamuzi ya uwanjani na sababu zake

Mwamuzi alimuuliza msaidizi wa kwanza, aliyekuwa kwenye mstari wa goli akiangalia miguu ya kipa. Alisema yeye hakuwa anaangalia namba za wapigaji. Akamuuliza wa pili. Huyo alisema anadhani namba 10 ndiye alianza, lakini wakati ule alikuwa anahangaika na namba 5 na hawezi kuapa. Nahodha mwenyewe alikana, akasema aliyeanza ni namba 18. Namba 18 alikuwa amepiga wa tatu.

Mwamuzi akaamua kwamba matokeo yanabaki. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kufuta goli kwa maneno ya kocha bila yeye wala wasaidizi wake kuwa na hakika. Wengi walimlaumu. Mimi naona kwa dakika ile, akiwa na karatasi ile mkononi, hakuwa na njia nyingine ya heshima. Kosa lake lilikuwa la nyuma zaidi. Sheria inamtaka mwamuzi aweke kumbukumbu ya mikwaju, na yeye aliikabidhi kazi hiyo kwa mwamuzi wa akiba bila kubaki na yake.

Mwamuzi wa akiba aliniambia baadaye kwa nini hakuandika namba tangu mwanzo: "Mitano ya kwanza nani anajali, wote si lazima wawe tofauti tu?" Alikuwa sahihi kwamba wapigaji watano wa kwanza walikuwa tofauti. Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba namba zao zingehitajika mkwaju wa kumi ukifika.

Matokeo ya rufaa

Kijani waliandika malalamiko ndani ya muda wa kanuni na wakaambatanisha video iliyopigwa kwa simu na shabiki aliyekuwa nyuma ya goli. Video ilikuwa na mikwaju yote. Mkwaju wa kwanza wa Bluu na wa mwisho vilipigwa na mtu mmoja, mwenye kitambaa cha unahodha mkononi.

Kamati ilianza na swali moja: hili ni kosa la kuona au kosa la kutumia sheria? Uamuzi wa mwamuzi kuhusu tukio, kama mpira umevuka mstari au la, ni wa mwisho hata ukiwa mbovu. Lakini sheria inasema wazi kwamba wenye haki wote wa timu lazima wapige kabla yeyote hajapiga mara ya pili. Mtu akipiga mara mbili huku mwenzake hajapiga, hilo limevunja sheria yenyewe. Kamati ikakubaliana juu ya hilo haraka.

Kilichowagawa ni tiba. Sheria haisemi kosa la namna hii lililogundulika mechi imeisha litibiwe vipi, na mifano ya nje inavuta pande mbili. Mwaka 2005, katika mchujo wa Kombe la Dunia kati ya Uzbekistan na Bahrain, mchezaji wa Uzbekistan aliingia eneo la hatari kabla penalti ya timu yake haijapigwa, goli likafungwa, na badala ya kuamuru irudiwe mwamuzi akawapa Bahrain mpira wa adhabu. FIFA iliamuru mechi nzima irudiwe, wakati Uzbekistan walikuwa wameshinda 1-0. Mwaka 2015 kosa lilelile lilitokea kwenye mechi ya wasichana chini ya miaka 19 ya Uingereza na Norway. UEFA wakaziita timu zirudi uwanjani kucheza sekunde 18 tu zilizobaki, kuanzia penalti ile. Uingereza ikafunga na mechi ikaisha 2-2.

Mimi nilipendekeza njia ya pili: mkwaju wa ishirini ufutwe, kipa wa Bluu aje apige wake, matokeo ni 7-7 na mkwaju mmoja mkononi. Kamati iliona hilo ni kumfanyia kipa mzaha mbele ya uwanja mzima baada ya siku nne za kufikiria. Wakaamuru mikwaju yote irudiwe siku ya Alhamisi asubuhi, kwa wapigaji walewale wenye haki.

Alhamisi likazuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mchezaji mmoja wa Kijani hakufika. Wakawa tisa, kwa hiyo Bluu wakapunguza mwingine, wakawa tisa. Bluu walishinda 4-2 na mkwaju wao wa tano haukuhitajika kupigwa. Kipa aliyesababisha yote haya hakupiga penalti hata moja.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana kipo. Kuhesabu wenye haki kabla ya mikwaju kulifanyika vizuri: mchezaji wa akiba wa Kijani alikataliwa kwa sababu sahihi, na Bluu walipunguza mtu. Timu nyingi katika mashindano yetu haziujui utaratibu huo wa kupunguza, na nimeona mechi ambapo timu ya watu kumi na moja ilipiga dhidi ya timu ya watu tisa bila mtu kusema neno.

Kilichoshindwa ni hatua iliyofuata. Tuliwahesabu wenye haki, kisha orodha yenyewe hatukuiandika. Watu huchanganya mambo mawili hapa. Mpangilio wa nani apige wa kwanza na nani wa tano ni siri ya timu. Mwamuzi hapewi orodha hiyo na hana haja nayo, na kocha anaweza kuubadilisha kati ya mkwaju na mkwaju akitaka. Kinachomhusu mwamuzi ni swali moja tu kila mpigaji anapotoka duarani: huyu yumo miongoni mwa wenye haki, na bado hajapiga? Kwa sababu waamuzi wanajua kwamba mpangilio si kazi yao, wengi wanahitimisha kwamba namba nazo si kazi yao. Karatasi yetu ilijazwa na mtu aliyefikiri hivyo.

Kuna tabia nyingine chini yake, ya kuzichukulia penalti kama mikwaju mitano. Mitano ni kiwango cha kwanza tu. Fainali ya AFCON ya mwaka 2015 kule Bata, Ivory Coast na Ghana walifika mpaka kwa makipa: Boubacar Barry aliokoa mkwaju wa kipa mwenzake, kisha akaenda kupiga yeye mwenyewe na kuipa timu yake kombe kwa 9-8. Mwaka 1992, fainali ya timu hizohizo iliisha 11-10, kila aliyekuwa uwanjani akiwa amepiga. Ukifika huko ndipo namba ya mpigaji wa kwanza inapokuwa na thamani. Awamu ya kwanza ikiisha bila mshindi, mzunguko unaanza upya kwa kanuni ileile, na timu inaruhusiwa kubadili mpangilio, lakini bado hakuna anayerudia kabla wote hawajapita.

Kuhusu upangaji wa wapigaji, Bluu kumweka nahodha wa kwanza kulikuwa na akili. Mtu bora akiwekwa wa tano anaweza asipige kabisa. Fainali ya AFCON dhidi ya Senegal, Februari 2022, Mohamed Salah alikuwa anasubiri mkwaju wa tano wa Misri. Wenzake wawili walikosa, Sadio Mané akafunga wa tano wa Senegal, ikawa 4-2, na Salah akabaki anatazama. Tatizo la Bluu lilikuwa mkia wa orodha. Kocha aliniambia walifanya mazoezi na wapigaji saba. Wa nane na wa tisa walijitolea palepale. Kipa hakuwahi kuulizwa, na zamu yake ilipofika ikaonekana rahisi zaidi kumrudisha nahodha kuliko kumlazimisha.

Je, kipa angekuwa ameumia kweli? Hapo sheria ina majibu, na ilikuwa vizuri Bluu wayajue. Kipa asiyeweza kuendelea anaweza kubadilishwa na mchezaji aliyeondolewa ili kusawazisha idadi, kwa hapa namba 5, au na wa akiba kama nafasi za mabadiliko bado zipo. Kipa aliyetoka hapigi tena. Lakini mchezaji mzima wa afya anayekataa kupiga hana mbadala. Zamu yake ikifika na yeye hayupo, mkwaju unahesabiwa umekosa, na mwamuzi hatakiwi kumsubiri. Kama kipa yule angegoma mpaka mwisho, ingekuwa bado 7-7 na mzunguko wa pili ungeanza, nahodha akiwa na haki kamili ya kuupiga mkwaju unaofuata. Bluu walivunja sheria kukimbia hali ambayo haikuwa inawatoa mashindanoni.

Na tiba ya kamati? Bado naona haikuwa nzuri. Kuirudia mikwaju yote kuliwafutia Bluu mikwaju saba waliyoifunga kihalali, na Kijani vilevile, kwa sababu ya mmoja uliopigwa na mtu asiye na haki. Pia kulifungua suala la mahudhurio, ambalo kanuni hazikulijibu, na kama Bluu wangebisha kuhusu kupunguza mtu wa pili sijui tungewaambia nini. Ninakubali jambo moja: kama mkwaju wa makosa ungekuwa wa nne au wa sita, pendekezo langu lisingefanya kazi, kwa sababu kila mkwaju uliofuata ungekuwa umepigwa kwenye shinikizo la matokeo yasiyo sahihi. Uliharibika wa mwisho, na hapo kuendelea kutoka pale palipoharibika kuliwezekana.

Giza ni kosa langu. Kwa uwanja usio na taa, kanuni ya dakika 30 inataka mechi ianze saa 9:00 alasiri, au la, nyongeza iondolewe na sare iende moja kwa moja kwenye matuta. Msimu uliofuata mkoa ulichagua la pili. Baadhi ya makocha walinung'unika kwamba timu yenye pumzi inanyimwa nafasi yake, na wana hoja.

Karatasi nayo ilibadilishwa. Ile ya zamani ilikuwa na visanduku mtupu vya kujaza mkwaju ukipigwa. Mpya inajazwa kabla ya mkwaju wa kwanza: mwamuzi wa akiba anasimama na msaidizi wa pili kando ya duara, wanaandika namba za wenye haki wa kila timu kwa kusoma migongo yao, na yeyote ambaye namba yake haijaandikwa anatoka uwanjani hapohapo. Mpigaji akitoka duarani namba yake inakatwa, na msaidizi anaitamka kwa sauti. Mwamuzi wa kati ana nakala yake ndogo mfukoni. Zoezi lote linachukua chini ya dakika mbili, timu zikiwa bado zinakunywa maji.

Nusu fainali ya kwanza kuitumia iliisha kwenye mkwaju wa nne wa kila timu. Mwamuzi wa akiba alinikabidhi karatasi ikiwa na namba ishirini na mbili, nane zimekatwa, na akaniuliza kama alikuwa na haja ya kuandika zile nyingine kumi na nne.